Azathioprini au infliksimabu: vidonge au dripu kwa mwenye ugonjwa wa Crohn?

Kwenye chumba cha dripu ninapofanya kazi ya uuguzi, swali huanza hivi: "Sista, prednisoloni ilinitibu ndani ya wiki moja. Kwa nini wananiondolea?" Anayeuliza yuko sahihi kuhusu ile wiki moja. Crohn ni ugonjwa ambao chembe za kinga za mwili hushambulia utumbo wenyewe, na prednisoloni huutuliza haraka. Mara nyingi huanzwa kwa miligramu 40 kwa siku, kisha hupunguzwa miligramu 5 kila wiki hadi iishe. Lakini haizuii ugonjwa kurudi, na anayekaa nayo miezi mingi hulipia kwa mifupa, sukari na ngozi. Mtu akishuka hadi miligramu 10 na kuharisha kukaanza upya, au akiihitaji tena kabla mwaka haujaisha, anahitaji dawa ya kumshika kwa muda mrefu. Hapo daktari huweka mezani majina mawili: azathioprini, ambayo ni vidonge vya kila siku, na infliksimabu, ambayo ni dripu ya kila baada ya wiki kadhaa.

Dawa nyingine zipo. Methotreksati huchomwa mara moja kwa wiki, na haifai kabisa kwa mwanamke anayetaka mimba. Ustekinumabu na vedolizumabu nazo zina nafasi yake. Adalimumabu ni ndugu wa infliksimabu: inalenga kitu kilekile, ila mgonjwa hujichoma mwenyewe nyumbani kila baada ya wiki 2, kwa hiyo mengi nitakayosema kuhusu dripu yanaihusu pia. Hapa nabaki na zile mbili za mwanzo kwa sababu ndizo watu wanazochanganya zaidi. Wengi hudhani moja ni "kali" na nyingine ni "laini", waanze na laini halafu kali ibaki ya akiba. Kipimo hicho hakifai. Cha kuuliza kwanza ni ugonjwa wako unaufanyia nini utumbo.

Crohn haibaki juu juu

Utumbo una ukuta wa tabaka kadhaa. Kuna magonjwa ya utumbo yanayokwaruza tabaka la ndani tu. Crohn hupenya ukuta mzima, kutoka ndani hadi nje, na hupenda zaidi mwisho wa utumbo mwembamba, pale unapoungana na utumbo mpana. Uvimbe unaopenya hivyo una njia mbili za kuharibu.

Ya kwanza ni kutoboa. Kidonda kinachimba polepole, utumbo unashikana na kilicho jirani, na mfereji unafunguka kati yao. Hiyo ndiyo fistula. Inaweza kutoka utumbo hadi utumbo, hadi kibofu, hadi ukeni, au hadi kwenye ngozi kando ya njia ya haja kubwa. Ya pili ni kubana. Ukuta ukivimba na kupona, ukavimba tena na kupona, kovu linajijenga hadi njia inakuwa nyembamba. Hapa nitaliita jambo hilo mfinyo. Mtu mmoja anaweza kuwa navyo vyote viwili, na mara nyingi fistula huchomoza juu kidogo ya mfinyo, kwa kuwa shinikizo la chakula kilichozuiwa husukuma ukuta ambao tayari ni mgonjwa.

Kila moja inafanyaje kazi

Azathioprini yenyewe si dawa kamili. Mwili huigeuza kuwa merkaptopurini, kisha kuwa kitu kinachofanana na matofali ya DNA. Chembe ya kinga iitwayo limfositi inapotaka kujigawa inahitaji matofali mengi kwa mkupuo, inaokota haya ya bandia, na inakufa au inashindwa kuzaa. Kwa maneno mengine, dawa hii huzuia uzazi wa chembe zinazoshambulia utumbo. Zilizokwisha kuzaliwa huendelea na kazi zao hadi zife. Ndiyo maana matokeo huchukua wiki 8 hadi 12, wakati mwingine zaidi. Anayeimeza wiki 3 na kusema haifanyi kazi bado hajaijaribu.

Infliksimabu haisubiri vizazi. Ni kingamwili iliyotengenezwa maabara, na kazi yake ni kukamata protini inayoitwa TNF. Protini hiyo ndiyo inayopiga mbiu: inaita chembe za kinga zitoke kwenye damu ziingie kwenye ukuta wa utumbo, na inaziambia ziendelee kuishi zikishafika. Mbiu ikizimwa, wanaokuja hupungua na waliokwisha kufika huanza kufa. Wengi huhisi tofauti ndani ya wiki 2. Hutolewa siku ya kwanza, wiki ya 2, wiki ya 6, kisha kila wiki 8, kwa kipimo cha miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 hupata miligramu 300, yaani vichupa 3 vya miligramu 100.

Udhaifu wa dripu uko kwenye asili yake. Sehemu ya kingamwili hiyo imetokana na panya, na mwili unaweza kuitambua kuwa ni ngeni ukaanza kuiwinda. Mgonjwa hulijua hilo kabla ya maabara: "Sista, wiki 5 za mwanzo niko safi, ya 6 tumbo linaanza, ya 7 nahesabu siku." Kauli hiyo ikirudiwa mara mbili, hupimwa kiwango cha dawa kwenye damu iliyotolewa kabla dripu haijaingia, pamoja na kingamwili dhidi ya dawa. Kiwango kikiwa kidogo bila kingamwili, dozi huongezwa au nafasi hufupishwa. Kingamwili zikiwa nyingi, kuongeza dozi mara nyingi ni kumwaga maji mchangani, na dawa hubadilishwa.

Hapo ndipo vidonge na dripu vinapokutana. Azathioprini huzuia mwili usitengeneze kingamwili hizo. Utafiti wa SONIC, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia wagonjwa 508 ambao hawakuwa wamewahi kutumia dawa hizi. Baada ya wiki 26, waliotulia bila prednisoloni walikuwa asilimia 30 kwa azathioprini peke yake, asilimia 44 kwa infliksimabu peke yake, na asilimia 57 kwa zote pamoja. Kwa ugonjwa wa wastani hadi mkali, namba hizo zimeniondolea hamu ya kumshauri mtu "aanze na vidonge tuone".

Hatari zake hazifanani

Hatari ya azathioprini inaonekana kwenye vipimo kabla mgonjwa hajaihisi, ukiondoa moja. Watu wachache huzaliwa na kiasi kidogo mno cha kimeng'enya cha TPMT, ambacho husafisha sehemu ya dawa hii. Kwao dozi ya kawaida huua uboho ndani ya wiki chache. Kipimo cha TPMT hufanywa kabla ya kidonge cha kwanza, lakini kikiwa sawa hakiondoi haja ya kupima damu. Hesabu kamili ya damu na vipimo vya ini hufanywa kila wiki katika mwezi wa kwanza, kisha nafasi huongezwa hadi kila miezi 3, na hubaki hapo maadamu mtu anameza dawa. Neutrofili, chembe nyeupe za damu zinazopambana na bakteria, zikishuka chini ya 1,000 kwa mikrolita, dawa husimamishwa.

Ile moja inayohisiwa ni kongosho kuvimba. Huja katika wiki chache za mwanzo: maumivu makali juu ya kitovu yanayotokeza mgongoni, pamoja na kutapika. Likitokea, azathioprini imekwisha kwa mtu huyo, hairudishwi hata kwa dozi ndogo. Kisha kuna mtego wa duka la dawa. Alopurinoli, inayotolewa kwa jongo, huziba njia mojawapo ya kuivunja azathioprini. Dozi iliyokuwa salama jana inakuwa sumu. Ukiandikiwa dawa ya jongo, taja vidonge vyako vya Crohn kabla hujaondoka dirishani.

Infliksimabu ina hatari ya aina nyingine: inafungua milango iliyokuwa imefungwa. Kifua kikuu kilicholala kinashikiliwa na ukuta wa chembe za kinga, na TNF ndiyo saruji yake. Ondoa TNF, ukuta unalegea. Kwa hiyo kabla ya dripu ya kwanza hupigwa picha ya kifua na hufanywa kipimo cha TB iliyolala, cha ngozi au cha damu. Ikipatikana, matibabu yake huanza kwanza, na kwa kawaida dripu husubiri angalau mwezi mmoja. Homa ya ini B hupimwa pia, kwa sababu nayo inaweza kuamka. Chanjo za virusi hai, kama ya surua au homa ya manjano, hutolewa kabla. Mtu akishaanza mojawapo ya dawa hizi mbili, hazifai tena.

Kuna jambo ninalolirudia hadi wenzangu wananicheka. TB ya utumbo huketi palepale Crohn inapopenda, mwisho wa utumbo mwembamba, na hutengeneza vidonda na mifinyo inayofanana nayo. Kama kinyama kilichokatwa wakati wa kolonoskopi, yaani kamera inayopitishwa kwenye utumbo mpana, hakikutafutiwa TB, uliza kabla hujakubali dawa yoyote ya kushusha kinga.

Saratani nayo huulizwa. Dawa zote mbili, na hasa azathioprini, huongeza kidogo hatari ya limfoma. Azathioprini huongeza pia saratani za ngozi, kwa hiyo jua kali likwepwe. Ipo limfoma moja ya ini na wengu, adimu sana lakini mbaya, ambayo imeonekana zaidi kwa vijana wa kiume waliotumia azathioprini kwa muda mrefu, hasa pamoja na dawa ya kundi la infliksimabu. Kijana wa miaka 20 ana haki ya kulisikia hilo kabla ya kukubali mchanganyiko, na madaktari wengi humpa dripu peke yake, au huondoa vidonge mapema.

Kukiwa na fistula

Hapa mizani inalala upande mmoja. Azathioprini peke yake ni dhaifu kwa fistula. Infliksimabu ina ushahidi: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, miongoni mwa walioitikia dripu za mwanzo, asilimia 36 ya walioendelea nayo hawakuwa na fistula yoyote inayovuja ilipofika wiki ya 54, dhidi ya asilimia 19 ya waliopewa dripu isiyo na dawa. Ni tofauti ya kweli, na papo hapo inaonyesha kwamba wengi hawakufunga kabisa.

Mpangilio wa hatua una uzito kuliko jina la dawa. Fistula ya kando ya haja kubwa hupigwa picha ya MRI ya nyonga, na daktari wa upasuaji huichunguza mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Jipu likiwepo hukamuliwa, kisha uzi laini uitwao setoni hupitishwa kwenye mfereji na kufungwa kama pete. Uzi huo hautibu. Kazi yake ni kuuacha mlango wazi ili usaha utoke. Dripu ikitangulia, tundu la ngozi hufunga haraka, usaha ukabaki ndani, na mgonjwa aliyekuwa akishangilia kukauka anarudi baada ya siku 10 akiwa na homa, hawezi kukaa, na sehemu ile inapwita. Ngozi kavu si fistula iliyopona. MRI huweza kuonyesha mfereji ukiwa hai miezi mingi baada ya ngozi kufunga, na setoni hutolewa kwa kuangalia uchunguzi huo, si kwa kuangalia nguo ya ndani tu.

Fistula za ndani hutoa dalili ambazo watu huona aibu kuzitaja. Mkojo unaotoka na mapovu ya hewa, au maambukizi ya mkojo yanayorudi kila baada ya wiki chache, huelekeza kwenye kibofu. Hewa au kinyesi kutoka ukeni kunaeleweka kwenyewe. Hayo hayangoji tarehe ya kliniki.

Kukiwa na mfinyo

Hakuna kati ya dawa hizi mbili inayoyeyusha kovu. Zinachoweza kushusha ni uvimbe, na mfinyo mwingi ni mchanganyiko wa vyote viwili, kwa hiyo kazi ni kujua kipi kimezidi.

Dalili inadanganya. Mwenye mfinyo husema kuharisha kumepungua, na wote hufurahi. Umuulize sasa kuhusu chakula: maumivu ya kusokota huja nusu saa hadi saa 2 baada ya kula, tumbo linajaa na kunguruma kama bomba, linatulia akishinda bila kula. Ameanza kula kidogo bila kukusudia, na amepungua kilo. Huyo hajapona.

Vipimo viwili husomwa pamoja. Kimoja ni picha ya MRI ya utumbo au ultrasaundi: ukuta wa utumbo usizidi milimita 3, na sehemu iliyo juu ya mfinyo isiwe imetanuka kuzidi sentimita 3. Kingine ni alama za uvimbe, yaani CRP kwenye damu na kalprotektini kwenye kinyesi. Ukuta mnene wenye damu nyingi na kalprotektini iliyopanda ni uvimbe, na unastahili kujaribiwa dawa. Zamani iliogopwa kwamba infliksimabu ikiponya haraka itakaza mfinyo. Hofu hiyo imepungua. Katika utafiti wa CREOLE wa wagonjwa 97 wenye mfinyo wa utumbo mwembamba, waliopewa adalimumabu, asilimia 64 walifanikiwa hadi wiki ya 24. Lakini sehemu ya juu ikiwa imetanuka sana na alama za uvimbe ziko chini, dawa hupoteza muda. Mfinyo mfupi, usiozidi sentimita 5, usio na jipu wala fistula na unaofikiwa na kolonoskopi, hupanuliwa kwa puto. Mrefu zaidi huenda kwa daktari wa upasuaji. Mfinyo wa utumbo mpana hukatwa vinyama kila mara, maana saratani hujificha humo.

Mgonjwa mmoja, hatua kwa hatua

Tuseme mwanamke wa miaka 29, kilo 60, ana Crohn ya mwisho wa utumbo mwembamba kwa miaka 3. Ametumia prednisoloni mara 2 na sasa anameza azathioprini miligramu 50. Kwa uzito wake dozi kamili ni miligramu 120 hadi 150, kwa hiyo hajashindwa na dawa, alipewa chini ya nusu yake. Anakuja na maumivu baada ya kula na majimaji kando ya haja kubwa. CRP ni 38, kalprotektini 900. Ultrasaundi inaonyesha sentimita 6 za ukuta wenye unene wa milimita 7 na damu nyingi, sehemu ya juu ina sentimita 2.6. MRI ya nyonga inaonyesha mfereji na jipu la sentimita 2.

Kupandisha vidonge na kungoja miezi 3 kungemfaa kama asingekuwa na fistula. Prednisoloni hatumpi, kwa sababu jipu lipo na ingelilisha. Jipu linakamuliwa, setoni inawekwa, antibiotiki inaanza, huku TB na homa ya ini B zikipimwa. Zote zinarudi hasi. Usaha ukiisha, anapata infliksimabu miligramu 300 kwa ratiba ya kawaida, na azathioprini inapandishwa hadi 100 baada ya hesabu ya damu kuonyesha nafasi.

Wiki ya 14, kabla ya dripu ya 4, CRP imeshuka hadi 6 na kalprotektini hadi 210. Ukuta ni milimita 5, chakula kinapita. Lakini setoni bado inalowesha. Kiwango cha dawa kinarudi mikrogramu 3 kwa mililita, bila kingamwili. Kwa utumbo peke yake daktari angeridhika. Kwa fistula, mara nyingi hulengwa 10 au zaidi, kwa hiyo dripu inasogezwa hadi kila wiki 6, na MRI inapangwa upya kabla ya mtu yeyote kugusa uzi.

Badilisha namba chache tu na jibu linageuka. Kama sehemu ya juu ingekuwa sentimita 4, CRP 3 na ukuta hauna damu, zile sentimita 6 zingekuwa kovu refu kupita uwezo wa puto. Angekatwa kipande hicho kwanza, kisha angefanyiwa kolonoskopi miezi 6 baadaye kuangalia pale palipounganishwa, kwa sababu Crohn hupenda kurudi kwenye mshono. Na kama asingekuwa na mfinyo wala fistula, prednisoloni ikamtuliza mara moja na kalprotektini ikabaki chini, vidonge peke yake kwa dozi kamili vingekuwa chaguo la haki.

Akitaka mimba, kwa kawaida zote mbili huendelea, kwa kuwa ugonjwa ukiamka humdhuru mtoto kuliko dawa hizi. Mtoto aliyepata infliksimabu tumboni asipewe chanjo hai katika miezi ya mwanzo bila daktari wake kuambiwa. Na wakati wowote, akitapika huku tumbo limejaa na hata hewa haitoki, aende hospitali usiku huohuo, na asimeze prednisoloni iliyobaki kabatini.